Somo: Kuunganisha maiki ya kifuani na simu kwa ajili ya mahojiano

Swali hili linarudi kila mara, kwa hiyo naliandika hapa mara moja.

1. Maiki ya waya: hesabu pete nyeusi kwenye pini. Tatu ni ya simu. Mbili ni ya kamera, na simu nyingi haziisikii hata ukiichomeka mpaka mwisho. Boya BY-M1 ina swichi. Isukume upande wa simu.

2. Maiki isiyo na waya: chomeka risiva kwenye simu, washa maiki, subiri taa ziache kupepesa. Usiitafute kwenye Bluetooth, haimo.

3. Hakikisha simu inaisikiliza maiki. Hapa ndipo mahojiano yanapoharibika. Taa ikitulia, maana yake maiki imeipata risiva, basi. Kamera za simu kadhaa za Android huendelea kurekodi kwa maiki ya simu yenyewe bila kukuonya. Rekodi sekunde kumi: kwaruza maiki polepole kwa ukucha, kisha kwaruza sehemu ya chini ya simu. Kabla ya kusikiliza CHOMOA risiva, la sivyo sauti inaweza kuelekezwa huko ukadhani hujarekodi kitu. Mkwaruzo wa maiki ukivuma kuliko ule wa simu, endelea. Ukiwa kinyume, pakua Open Camera, ingia kwenye mipangilio ya video, fungua `Audio source`, chagua `External mic`, halafu rudia jaribio.

4. Bana maiki kifuani, kama shibiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu.

MASWALI

— Yangu haifanyi kazi, msaada.
Ya waya au isiyo na waya? Simu gani? Jaribio la hatua ya 3 limeleta nini?

— Nimeinunua bei kubwa, haiwezi kuwa pini.
Bei haiongezi pete. Zihesabu.

— Mkuu, natumia Oppo. Nilijaribu ikakubali, nikamsubiri bibi amalize kupika, kuanza kurekodi taa ya risiva imezima. Betri imejaa. Kwa nini?
Umeeleza vizuri. Risiva hiyo inakula umeme wa simu kupitia OTG, yaani uwezo wa simu kulisha kifaa kilichochomekwa, na Oppo, Realme na Vivo nyingi huizima OTG isipotumika kwa dakika 10 hivi. Andika OTG kwenye sehemu ya kutafuta ndani ya mipangilio, iwashe, na uiwashe upya mhojiwa akishakaa. Kisha rudia mkwaruzo, usiamini ule wa mwanzo.

— Ahsante, imekubali! Sasa bibi anavaa ushungi, maiki naibana wapi?
Juu ya ushungi, siyo ndani, maana kitambaa kikisuguana na maiki, sauti yake huwezi kuiondoa baadaye. Mpe mjukuu wake ambanie. Wanaotumia ya waya, kunjeni kitanzi kidogo chini ya kibanio, ili akigeuka mvuto uishie kwenye kitanzi na usifike kwenye maiki.