Kupanga madaraja ya kazi na viwango vya mishahara katika taasisi ndogo

Tuchukue taasisi yenye watumishi 14. Mhasibu analipwa 460 kwa mwezi na ofisa ugavi 740. Sababu ya tofauti hiyo haijaandikwa popote. Mmoja alijua kubishana siku ya usaili, mwingine hakujua.

1. Pima kazi, usimpime mtu. Andika kila kazi kwa ukurasa mmoja: inafanya nini, inaamua nini, inawajibika kwa nini. Kisha ipe alama 1 hadi 5 katika vigezo vinne, na kila alama uizidishe kwa uzito wake: ujuzi (4), maamuzi (3), dhamana ya watu, fedha na mali (2), mazingira ya kazi (1).

Mhasibu: 3, 3, 3, 1, jumla 28. Ofisa ugavi: 2, 3, 4, 2, jumla 27.

Hapa ndipo zoezi huharibika. Mkuu wa idara akisema "lakini huyu anajituma sana", tayari anampima mtu. Muulize: kiti hiki kikiwa wazi, alama ingebaki ileile? Pia wapimaji wawe watatu hivi, kila mmoja apime peke yake kabla ya kujadiliana, la sivyo wote watamfuata mwenye cheo.

2. Kata madaraja penye mapengo. Panga jumla zote kwa mfuatano. Tuseme kazi iliyo chini ya hizi mbili ina 19 na iliyo juu ina 37. Basi 23 hadi 32 ni daraja moja. Usipitishe mpaka kati ya 27 na 28, maana alama moja ni tofauti ya maoni tu. Kwa watumishi 14, madaraja manne au matano yanatosha.

3. Weka kiwango cha kila daraja. Tafuta mshahara wa soko kwa kazi za daraja hilo, uufanye katikati. Chagua upana, yaani kima cha juu kinazidi cha chini kwa asilimia ngapi. Katikati ikiwa 600 na upana asilimia 40:

```
Chini = 600 / (1 + 0.40 / 2) = 500
Juu   = 500 × 1.40 = 700
```

Daraja linalofuata likiwa na katikati ya 720, litaanzia 600 hadi 840. Viwango kupandana kidogo si kosa: mkongwe wa daraja la chini anaweza kumzidi mgeni wa daraja la juu.

4. Waweke watu ndani. Mhasibu yuko chini ya 500. Mpandishe hadi 500 kwanza, kabla ya nyongeza ya mtu mwingine yeyote. Ofisa ugavi yuko juu ya 700. Usimpunguzie, kwani mshahara ni sehemu ya mkataba wake. Simamisha nyongeza zake hadi kiwango kimfikie, na umweleze hivyo kwa maandishi.

Kuanzia hapo, atakayeajiriwa kwa zaidi ya 600 katika daraja hili awe na sababu iliyoandikwa kwenye jalada lake, mfano miaka ya uzoefu. Mshahara aliokuwa akilipwa alikotoka usihesabiwe kuwa sababu.