Somo: Rangi za mishale na maandishi katika video za mwani

Mwaka jana nilitengeneza video ya dakika nne kwa wakulima wa mwani wa Jambiani, inayoonesha jinsi ya kutambua matawi yaliyoanza kuwa meupe kwa ugonjwa, na kila tawi nililielekezea mshale mwekundu ambao mezani kwangu uling'aa vizuri. Tulipoitazama kwenye simu chini ya mnazi, wakati maji yamekupwa, mzee mmoja aliuliza mshale uko wapi. Nilidhani ni jua, lakini tulipoingia barazani bado hakuuona, ilhali mkewe aliuona.

Jambo la kwanza ni kupima mwangaza wa rangi, si rangi yenyewe. Kila rangi ina kiwango cha mwangaza, kuanzia 0 kwa nyeusi hadi 1 kwa nyeupe. Manjano kamili ni 0.93, nyekundu kamili ni 0.21, na mwani niliouchukulia rangi kwenye picha yangu (#3A5A2A) ni 0.08. Tofauti baina ya rangi mbili hupatikana hivi, kiwango kikubwa kikiwa juu:

```
(M1 + 0.05) / (M2 + 0.05)
```

Miongozo ya WCAG, ile ya kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia mtandao, inataka angalau 3 kwa michoro na maandishi makubwa, na 4.5 kwa maandishi ya kawaida. Mshale wangu mwekundu juu ya mwani ulipata 2 tu. Kilichoufanya uonekane kwangu ni wekundu wake dhidi ya kijani, na hicho ndicho ambacho mtu mwenye upofu wa rangi nyekundu na kijani hakipati. Wapo hata ambao nyekundu kwao huwa na giza zaidi kuliko hesabu inavyosema, kwa sababu chembe za jicho zinazopokea mwanga huo hazipo.

Jambo la pili ni jua. Ile 0.05 ndani ya hesabu inawakilisha mwanga wa chumbani unaorudi kutoka kwenye kioo. Kivulini nje, kwa simu ya kawaida, mimi huweka 0.3, nayo ni makadirio tu. Nyekundu juu ya mwani inashuka hadi 1.3, yaani karibu haipo, wakati manjano inabakia 3.2. Manjano juu ya nyeusi, ambayo ndani hupata zaidi ya 19, nje hupata 4.

Kwa hiyo nilibadilisha mishale yote kuwa manjano. Hapo nikakutana na kosa jengine: juu ya mchanga na juu ya yale matawi meupe, manjano ilipotea kabisa, kwani manjano na nyeupe hutofautiana kwa 1.07 tu. Dawa yake ni ukingo mweusi kuuzunguka mshale wote, wa pikseli 6 hivi katika video ya 1080, ili popote mshale utakapoangukia, ama manjano ama nyeusi ionekane. Maandishi niliyaweka ndani ya kisanduku cheusi kisichopenyeza picha, kwa amri hii ya ffmpeg, programu ya kuhariri video:

```
ffmpeg -i mwani.mp4 -vf "subtitles=maelezo.srt:force_style='PrimaryColour=&H0000FFFF,OutlineColour=&H00000000,BorderStyle=3,Outline=4'" toleo.mp4
```

Mwisho, kagua kwa simu yenyewe: kwenye Android, ndani ya Developer options, mna Simulate color space, chagua Protanomaly, kisha Deuteranomaly, utazame video yote. Kuiondoa rangi video peke yake hakutoshi, maana nyekundu itaonekana na mwangaza zaidi kuliko anavyoiona yule mzee.

Masuali ya wanachama

*Suali: Maalim, mimi huzungushia mwani mzima duara la kijani na mgonjwa duara jekundu. Nibadilishe yote?*

Badilisha umbo kwanza. Mzima uwe na duara, mgonjwa awe na alama ya X, yote kwa manjano yenye ukingo mweusi. Ukitaka rangi mbili, tumia manjano na buluu iliyopauka, lakini umbo ndilo litakalobeba maana.

*Suali: Nimeandika FFFF00 kwenye amri, maandishi yakatoka buluu-buluu. Kwa nini?*

Kwa sababu hapo rangi huandikwa kinyume, buluu kwanza na nyekundu mwisho. Manjano ni 00FFFF, kama nilivyoandika juu.

*Suali: Na tukiwa katikati ya shamba, juani kabisa, bila ya kivuli?*

Hapo mwanga huwa kama mara kumi ya ule wa kivulini. Weka 3 badala ya 0.3, na hata manjano juu ya nyeusi itapata 1.3. Hakuna rangi itakayokuokoa, ndugu yangu. Akina mama wafunike simu kwa upande wa kanga, au waitazame kabla ya kuingia majini.