Somo: Alama fifi nyuma ya maandishi, tuziandike au tuziache?

Unanukuu cheti kilichoskaniwa. Maandishi makuu yanasomeka vizuri, lakini nyuma yake kuna mistari ya mawimbi ya kijani kibichi iliyopauka, na ukikodoa macho unaona kama kuna neno limelala mshazari. Je, liingie kwenye nakala yako? Tuchukue cheti hichohicho na kukifanyia kazi hadi mwisho.

Hatua ya 1: Maliza maandishi makuu kwanza. Andika kila kitu kilichochapwa mbele, bila kujali kilicho nyuma. Ukianza na alama fifi, vipande vyake vitajipenyeza kwenye mistari yako. Programu za kusoma maandishi kwenye picha hufanya kosa hili mara nyingi: unakuta "AKA" katikati ya jina la mtu, kumbe ni kipande cha "NAKALA" iliyochapwa nyuma.

Hatua ya 2: Kuza picha, kisha ongeza utofauti wa mwanga na giza. Sasa tafuta kama kuna herufi. Kwenye cheti chetu mawimbi yanabaki mawimbi, ila neno linajitokeza: BATILI, limerudiwa kutoka kona hadi kona.

Hatua ya 3: Jiulize alama imetoka wapi. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo tukae kidogo. Chapa ya maji halisi hutengenezwa karatasi ikiwa bado mbichi, kwa kubadilisha unene wake, na huonekana mwanga ukipita kutoka nyuma. Skana ya kawaida humulika kutoka mbele, hivyo chapa hiyo kwa kawaida haitoki kabisa au hutoka kwa shida. Unachokiona kwenye skani karibu kila mara ni wino.

Na wino wenyewe una hila. Karatasi za usalama huchapwa vitone vya ukubwa tofauti, vikubwa kwa herufi na vidogo sana kuzizunguka, vikipangwa ili jicho lione rangi moja tu. Mashine ya fotokopi ikipoteza vile vidogo na kushika vikubwa, neno linaibuka. Maana yake, BATILI huenda haionekani kwenye cheti chenyewe. Inakuambia kwamba ulichonacho ni nakala; haikuambii kwamba cheti kimefutwa. Ukiliandika neno hilo peke yake bila maelezo, umempotosha msomaji vibaya kuliko ungeliacha.

Hatua ya 4: Amua. Kipimo changu ni kimoja: msomaji asiyeona picha angeielewa hati tofauti kama angejua alama ipo? Neno lolote linalosomeka, kama RASIMU, SIRI au BATILI, naliandika. Nembo au jina la mtoaji ambalo halipo kwingine kwenye ukurasa, naandika pia. Mawimbi na maua ya pambo huyaacha, isipokuwa kazi yenyewe inahusu kuchunguza uhalali wa hati.

Hatua ya 5: Andika mara moja, juu kabisa, ndani ya mabano. Kwa cheti chetu:

[Nyuma ya maandishi: neno "BATILI" kwa kijani kilichopauka, mshazari, limerudiwa ukurasa mzima, huenda limejitokeza wakati wa kunakili.]

Usilirudie kila mstari, hata kama kwenye karatasi limerudiwa mara ishirini.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mstari wa wimbi umepita juu ya tarakimu. Sijui ni 3 au 8.*

Ufuate mstari nje ya tarakimu, kushoto na kulia. Kama unaendelea kwa mkunjo uleule, uondoe akilini kisha utazame kilichobaki. Linganisha pia na 3 nyingine kwenye ukurasa huo. Ukishindwa, andika [3 au 8, mstari wa nyuma umepita juu yake]. Hapo pambo limeathiri usomaji, kwa hiyo linastahili kutajwa, lakini palepale tu.

*Naona herufi fifi zilizogeuka kama kwenye kioo. Ni chapa ya maji?*

La, kwa kawaida huo ni wino wa upande wa pili wa karatasi, ama umepenya ama unaonekana kwa sababu karatasi ni nyembamba. Utaunukuu ukifika ukurasa wake. Kama ukurasa huo haukuskaniwa, taja kwamba upo, na ugeuze picha usome unachoweza.

*Samahani ndugu, kuna miraba fulani inayobadilika kila nikikuza au kupunguza picha.*

Basi haimo kwenye karatasi. Vitone vya uchapaji vimegongana na vitone vya skana au vya kioo cha kompyuta. Tazama kwa ukubwa wa asilimia 100: ikitoweka, iache. Ikibaki palepale, imo ndani ya faili, lakini bado ni zao la mashine. Itaje tu pale inapoziba herufi.