Kumuuliza mzee mpaka kazi iliyopotea irudi mkononi: mfano wa kamba za usumba

Ukimuuliza mzee, "Zamani mlifanya kazi gani ambazo leo hazipo?" atakujibu kilimo na uvuvi, basi. Kazi ndogondogo hazihesabu kuwa kazi. Kwa hiyo mimi, ninapozunguka vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, huanza na kitu cha kushika.

1. Nenda na kitu. Mimi hubeba kipande cha kamba ya nailoni. "Shikamoo bibi. Kabla ya hii, kitanda mlikiwamba kwa kamba gani?" Akijibu "ya usumba," yaani ya nyuzi za makumbi ya nazi, kaa kitako.

2. Fuata mali yenyewe, si jina la kazi. Makumbi mliyapata wapi? Mkayafanya nini? Halafu? Hapo utasikia kuwa yalifukiwa kwenye mashimo ufukweni, mahali maji yanapojaa na kupwa, yakagandamizwa kwa mawe. Baada ya miezi yakafukuliwa, yakapondwa kwa gongo, yakaoshwa, yakaanikwa, ndipo nyuzi zikapotwa. Lakini jambo alilolifanya maisha yake yote halisemi, kwa kuwa kwake liko wazi. Mpe usumba mkononi, kisha tazama. Bibi mmoja hakuwahi kunitajia kulowesha viganja, nilimwona akifanya.

3. Wazee wakipishana, usichague mmoja. Niliambiwa makumbi hukaa miezi mitatu, na nyumba ya pili nikaambiwa sita. Nikawauliza wote wawili: shimo lako lilikuwa wapi? Wa kwanza alifukia chini, kwenye tope linalolowa kila siku. Wa pili alifukia juu, panapofikiwa na maji ya bamvua tu. Wote walikuwa wakweli, na mahali pa shimo ndipo palipoamua muda.

4. Jaribu kidogo. Fukia makumbi ishirini, weka kijiti cha alama. Kila mwezi fukua moja ulifinye. Ganda likibanduka kwa urahisi na unga ulio kati ya nyuzi ukatoka kwa maji, yameiva. Unga ukiwa bado umeshikana na nyuzi, rudisha. Ukiyaponda mapema utakata nyuzi, na kamba itakuwa na vipande vifupi vinavyochomoka. Harufu ni kali, hiyo isikutishe.

5. Uliza bei kwa chakula. Shilingi za zamani hazikuambii kitu. Uliza: mzigo mmoja wa kamba ulinunua pishi ngapi za mchele? Kisha uliza kazi ilikufa lini na kwa nini. Utatajiwa nailoni, na pia mwani, uliofika Paje na Jambiani mwaka 1989 na kuwapa wanawake fedha kutoka ufukwe uleule. Jibu hili ni muhimu, maana yale yaliyoiua kazi bado yapo.

Sasa pota kwa saa nzima, upime umepata pima ngapi. Kwa bei, nailoni hutaishinda. Wapelekee wanaowamba vitanda vya kamba na wanaoezeka makuti, uwaulize watanunua pima moja kwa kiasi gani kabla hujachimba shimo la pili.