Kabla ya Kumwandikia Aliyekuuzia Ploti na Bado Hajakupa Hati

Umelipa hadi shilingi ya mwisho, mwaka unaisha, na hatimiliki haijatoka. Najua una hasira ya kushika kalamu leo hii. Subiri kwanza.

Kusanya karatasi: mkataba wenye sahihi zenu nyote wawili na za mashahidi, risiti za benki, taarifa ya M-Pesa. Toa nakala, na zile zenyewe zibaki kwako.

Kisha fanya sachi ya shamba lenyewe. Ploti za futi 50 kwa 100 mara nyingi hukatwa kutoka ekari moja yenye hati moja. Kama hati hiyo haijagawanywa, ploti yako haina namba yake hata kama vigingi vimepigwa na umeshaweka ua, kwa hiyo unayotafuta ni namba ya shamba zima. Angalia limeandikwa jina la nani na kama lina deni.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililoniumiza. Usitume barua kabla ya kuweka zuio kwenye ofisi ya msajili wa ardhi, lile ambalo wengi huliita kosheni.

Mimi nilinunua ploti Kajiado kwa shilingi 650,000. Baada ya miezi 14 ya kuzungushwa, niliandika barua kali, nikaipeleka mwenyewe hadi mlangoni. Mzee alinipokea vizuri sana, akanikaribisha chai. "Mama, nipe wiki tatu tu, saveya anamalizia." Nikampa. Wiki ya nne nilipofanya sachi nikakuta shamba limewekwa rehani benki, siku 11 baada ya barua yangu. Barua ile ilimwambia kwamba muda unamwishia, naye akaamua kuchukua pesa mapema. Tulikuwa wanunuzi saba, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameweka zuio. Miaka mitatu baadaye tulichanga shilingi 180,000 kila mmoja kulipa mkopo ambao hatukuukopa, ndipo hati zikatoka.

Zuio lingeizima rehani ile. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inamruhusu mtu mwenye mkataba wa kununua aliandikishe, na likishaingia kwenye rejista, msajili hawezi kusajili uuzaji wala rehani inayoligonga bila idhini yako au amri ya mahakama. Unajaza fomu, unaambatisha kiapo kinachoeleza haki yako pamoja na nakala ya mkataba, unalipa ada. Msajili mwenyewe atamjulisha mwenye hati, kwa hiyo habari itamfikia, lakini mlango utakuwa umeshafungwa. Fanya sachi nyingine uone zuio limeingia, ndipo utume barua.

Jambo la pili ni tarehe ya mkataba wako. Kama ardhi ni ya kilimo, ombi la idhini ya bodi ya ardhi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanyike. Muda huo ukipita bila ombi, mkataba unaweza kuhesabiwa kuwa batili, na ulicholipa kikawa deni unalodai urudishiwe. Mahakama inaweza kuongeza muda kukiwa na sababu ya kutosha, lakini hapo unahitaji wakili kabla ya kuandika neno lolote.

Kwenye barua yenyewe usiandike "nipe hati yangu" ukaishia hapo, maana atakujibu kwamba inashughulikiwa. Taja namba ya shamba, tarehe ya mkataba, kiasi ulicholipa na siku ya malipo ya mwisho. Kisha dai vitu vinavyoshikika: idhini ya bodi ya kugawanya na ya kuhamisha, fomu ya uhamisho iliyotiwa sahihi, hati ya awali, idhini ya mwenzi wake wa ndoa, nakala ya kitambulisho na PIN ya KRA. Maneno yawe hivi: "Nakutaka unikabidhi hati zilizotajwa hapo juu ndani ya siku 21 tangu upokee barua hii. Usipofanya hivyo nitakwenda mahakamani kudai uhamisho, au kurudishiwa pesa zangu zote pamoja na fidia." Vitisho vya polisi na matusi viache nje, kwa sababu hakimu ataisoma barua hiyo.

Ipeleke ukiwa na shahidi, na muuzaji atie sahihi na tarehe kwenye nakala yako. Akikataa, tuma kwa rejista ya posta na utunze risiti.

Akikupigia simu baada ya hapo, mwambie aandike. Usipokee ploti ya kubadilishana ambayo hujaifanyia sachi. Usiongeze hata shilingi moja "ya saveya" isiyo na risiti. Na usikubali kuondoa zuio kwa ahadi, hata akija na mchungaji wake.