Kutoka mifupa ya kuku hadi velute ya sahani 50

Velute ni sosi nyeupe ya stoki iliyofanywa nzito kwa ruu, yaani siagi na unga wa ngano vilivyokaangwa pamoja. Ukiishika vizuri, sosi nyingine nyingi za hotelini unazipata humo humo kwa kuongeza krimu, uyoga au limau. Ina viungo vichache, kwa hiyo kosa lolote la stoki litaonekana kwenye sahani.

Tupige hesabu kutoka mwisho. Sahani 50 zikipata mililita 60 kila moja, unahitaji lita 3 za sosi. Ili uzipate, anza na lita 3.5 za stoki iliyokwisha kupunguzwa kwa kuchemshwa, kwa sababu nyingine itapotea kwa mvuke, kwa kuengua na kwenye chujio. Hizo lita 3.5 hutoka kwenye lita 5 za stoki ya kawaida. Na lita 5 hizo zinataka kilo 5 za mifupa ya kuku, maji baridi lita 8 na gramu 600 za mboga. Kumbuka uwiano huo: kilo moja ya mifupa hutoa takriban lita moja ya stoki. Anayetia maji lita 15 kwenye mifupa hiyo hiyo hapati stoki nyingi, anapata maji yenye harufu ya kuku.

Hatua ya 1: Mifupa

Chukua migongo, shingo na ncha za mabawa, kisha hakikisha angalau nusu kilo ni miguu. Miguu ina ngozi na kano nyingi, na hivyo ndivyo vinavyotoa jelatini inayoipa stoki uzito mdomoni. Mifupa ya kuku wa kisasa wa wiki chache ni laini na ladha yake ni hafifu. Ukipata kuku wa mayai waliokwisha kuzeeka, wachukue: nyama yao ni ngumu kwa kuchoma, lakini kwa stoki hawana mpinzani.

Osha mifupa kwa maji baridi, toa mapafu na damu iliyoganda kwenye mgongo. Kama mifupa imetoka kwenye friza na ina damu nyingi, ifunike kwa maji baridi, ichemshe mara moja, mwaga maji hayo, suuza, ndipo uanze.

Hatua ya 2: Maji baridi, moto wa pole

Weka mifupa kwenye sufuria ndefu na mimina lita 8 za maji baridi. Maji ya moto hapa ni kosa. Kwenye maji baridi protini za damu na nyama huyeyuka kwanza, kisha joto likipanda polepole huganda, hushikana na kupanda juu kama povu unaloweza kuliondoa. Kwenye maji yanayochemka huganda papo hapo vipande vidogo vidogo vinavyobaki vikielea ndani, na hakuna upawa utakaovikamata.

Povu la kwanza ni la kijivu na huja kwa wingi kabla tu ya maji kuchemka. Simama hapo hapo. Punguza moto kwanza, kisha weka mgongo wa upawa katikati ya sufuria na uzungushe kwa wepesi kuelekea pembeni. Povu litakimbilia ukingoni. Hapo izamishe midomo ya upawa milimita chache tu, povu liingie lenyewe. Ukizamisha upawa wote unatoa stoki na kuacha povu. Weka bakuli la maji karibu la kusuuzia upawa. Dakika 30 za kwanza engua kila mara, baada ya hapo kila nusu saa inatosha. Usikoroge kamwe.

Moto unaotakiwa ni wa kutokota: kiputo kimoja kimoja kinapanda na kupasuka, uso wa maji ukitetemeka tu. Ukiacha ichemke kwa nguvu, mafuta yanapigwapigwa na kuchanganyika na maji, na stoki inakuwa nyeupe kama maji ya mchele. Ikifika hapo hairudi kuwa safi tena. Wanaotumia kipimajoto wawe waangalifu: vitabu vingi husema nyuzi 90 hadi 95, lakini hivyo ni vipimo vya usawa wa bahari. Mombasa au Dar es Salaam vinafaa. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na anayesubiri 95 atasubiri huku sufuria ikirukaruka. Amini viputo.

Hatua ya 3: Mboga na muda

Stoki ya kuku inataka saa 3 hadi 4. Mboga hazihitaji muda wote huo. Zitie saa moja kabla ya kuchuja, zikiwa gramu 300 za kitunguu, 150 za karoti na 150 za seleri, vipande vya sentimita 2 au 3. Zikikaa saa nne hulainika, husambaratika na kutia stoki ukungu. Vitunguu vyetu vyekundu huchafua rangi ya sosi nyeupe, hivyo ukipata vyeupe au liki, tumia hivyo. Tia pia punje kumi za pilipili manga na mabua ya pasli.

Chumvi, hapana. Hata kidogo. Stoki hii itapunguzwa, na chumvi haipandi na mvuke. Iliyokuwa sawa kwenye lita 5 itakuwa kali kwenye lita 3.5.

Hatua ya 4: Kuchuja na kupoza

Zima moto, acha itulie dakika 10, kisha chota kwa upawa kupitia chujio lililotandikwa kitambaa cha melimeli kilicholowa. Usiinamishe sufuria ukamwaga yote, maana tope lililotulia chini litafuata. Usikamue mifupa wala mboga.

Kama utaitumia kesho, ipoze haraka: gawa kwenye vyombo vipana, viweke kwenye sinki lenye maji na barafu, koroga mara kwa mara. Lengo ni kushuka chini ya nyuzi 21 ndani ya saa 2, kisha chini ya 5 ndani ya saa 4 nyingine. Sufuria nzima iliyofunikwa na kuachwa mezani usiku huamka imechacha, kwa kuwa katikati yake hukaa vuguvugu kwa saa nyingi. Kwenye friji mafuta yataganda juu na utayatoa kama kifuniko. Chini yake stoki nzuri hutikisika kama jeli. Ikiwa bado ni maji matupu, miguu ilikuwa michache au maji yalizidi.

Hatua ya 5: Kupunguza kabla ya ruu

Hapa ndipo wengi wanapokosea mpangilio. Wanatia ruu kwenye stoki nyepesi, wanaonja, wanaona haina ladha, ndipo wanaanza kuipunguza. Sosi yenye unga ikichemshwa muda mrefu hushika chini na kuungua, na inazidi kuwa nzito huku ladha ikibaki nyuma. Kwanza ladha, kisha uzito.

Mimina lita 5 kwenye sufuria pana yenye kuta zilizonyooka. Tumbukiza mpini wa mwiko wima na utie alama maji yalipofika. Kwenye sufuria ya kipenyo cha sentimita 24, lita 5 hufika sentimita 11. Lita 3.5 ni asilimia 70 ya hapo, yaani chini kidogo ya sentimita 8. Tia alama ya pili. Sasa moto unaweza kuwa mkubwa zaidi, kwa kuwa mafuta yameshatolewa, lakini endelea kuengua kinachojitokeza. Maji yakifika alama ya pili, acha.

Hatua ya 6: Ruu

Kwa kila lita ya stoki tumia gramu 60 za siagi na 60 za unga. Kwa lita 3.5 ni gramu 210 na 210. Pima kwa mizani. Kikombe cha unga ulioshindiliwa na kikombe cha uliochekechwa si kitu kimoja. Unga uwe wa ngano wa kawaida, usiwe ule uliochanganywa na baking pauda.

Yeyusha siagi kwa moto mdogo, tia unga wote, koroga kwa mwiko. Mwanzoni ni kama uji, baadaye hufanana na mchanga uliolowa. Kwa velute kaanga dakika 4 hadi 5, mpaka harufu ya unga mbichi iondoke na ije ya biskuti, rangi ikiwa ya njano hafifu. Ukiipeleka hadi hudhurungi, wanga unavunjika na nguvu yake ya kufanya nzito inapungua.

Epua ruu ipoe dakika chache, kisha tia stoki ya vuguvugu kwa mafungu. Fungu la kwanza liwe nusu lita. Koroga kwa waya wa kupigia mayai mpaka iwe laini kabisa ndipo uongeze. Madonge hutokea pale ruu ya moto sana inapokutana na stoki inayochemka: unga wa nje unaiva mara moja na kufungia unga mkavu ndani.

Rudisha motoni, chemsha, kisha tokosa dakika 30 hadi 40. Sogeza sufuria iwe nusu tu juu ya moto. Viputo vitapanda upande mmoja na utando wa mafuta na uchafu utasukumwa upande wa pili, ambako unauengua kwa urahisi. Muda huo si mapambo. Sosi iliyopikwa dakika 10 inaweza kuwa na uzito sahihi na bado ikaacha ladha ya unga kwenye ulimi.

Chovya kijiko, kigeuze, pitisha kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki wazi, tayari. Ikizidi uzito, ongeza stoki ya moto. Ikiwa nyepesi, ponda siagi laini na unga kwa uzito sawa, tia vijidonge kidogo kidogo, na upike dakika kadhaa tena. Unga mkavu usiutie. Chuja, tia chumvi sasa, na limau ukilitaka, kisha bandika karatasi yenye siagi juu ya uso ili isifanye utando.

Wanga badala ya ruu

Kornflaua (wanga mweupe wa mahindi, si sembe) ina nguvu karibu maradufu ya unga wa ngano: gramu 30 kwa lita zinakaribia kazi ya gramu 60 za unga. Ikoroge kwanza na maji baridi, mara mbili ya uzito wake, kisha imimine kwenye stoki inayochemka huku ukikoroga. Kumbuka kuikoroga upya kabla ya kumimina, maana wanga huzama chini ya bakuli. Dakika moja ya kuchemka inatosha.

Sosi yake hung'aa na hufaa kwa kazi ya haraka, lakini haivumilii kukaa. Ikichemshwa muda mrefu, ikipigwa kwa nguvu au ikitiwa ukwaju mapema, hulegea na kurudi kuwa maji. Ikigandishwa kwenye friza na kuyeyushwa, hutoa maji pembeni. Wanga wa muhogo hung'aa zaidi na hulegea upesi zaidi, na ukizidi sosi huvutika kama mlenda. Kwa sahani 50 zitakazokaa kwenye bufee saa mbili, tumia ruu.