Kupima pembe ya Cobb bila kudanganywa na namba ya ripoti iliyopita

Tuseme una binti wa miaka 11 ambaye hajavunja ungo. Bega la kulia liko juu kidogo, na akiinama mbele mbavu za kulia zinatokeza. Ripoti ya eksirei yake ya kwanza inasema pembe ya Cobb, yaani kipimo cha kupinda kwa mgongo, ni nyuzi 17, na wewe umeshika picha mpya ya miezi sita baadaye. Unatakiwa kusema kama skoliosi yake, yaani mgongo kupinda pembeni, inaongezeka.

Hatua ya 1: Angalia picha yenyewe. Lazima awe alisimama, bila viatu, na uti wote uonekane mpaka nyonga. Mtu akilala, uzito wa kiwiliwili hauukandamizi mgongo na pinda hupungua, kwa hiyo picha ya kulala usiilinganishe na ya kusimama. Kwa watoto mionzi huingizwa kutoka mgongoni ili matiti yapate kiasi kidogo.

Hatua ya 2: Tafuta pingili za mwisho. Kazi yote iko hapa. Anza na pingili iliyosogea pembeni kuliko zote. Kwa huyu binti ni T9, pingili ya tisa ya kifua ukihesabu kutoka juu, na pinda linatazama kulia. Kutoka hapo panda juu, pingili moja moja, ukiangalia ukingo wa juu wa kila moja. Kila ukipanda, ukingo unazidi kulala upande wa kushoto, kisha unafika mahali unaanza kurudi kwenye usawa. Pingili iliyolala kuliko zote kabla ya kurudi ndiyo ya mwisho ya juu. Ni T6. Shuka vilevile chini ya T9, safari hii ukifuata kingo za chini.

Diski nazo zitakusaidia. Ndani ya pinda kila diski ni nyembamba upande wa ndani na pana upande wa nje. Ukivuka pingili ya mwisho, diski inakuwa sawa pande zote au inapanuka upande wa pili. Kwa binti huyu, diski kati ya T11 na T12 bado ni pana upande wa kulia, kwa hiyo pinda halijaishia T11. Linaishia T12. Ukingo ukiwa na ukungu, tumia vivuli viwili vya mviringo vya pingili hiyohiyo, ukiviunganisha kwa mstari.

Hatua ya 3: Chora. Mstari mmoja upite kwenye ukingo wa juu wa T6, mwingine kwenye ukingo wa chini wa T12. Pembe kati yake ndiyo pembe ya Cobb. Kwenye filamu mistari hii mara nyingi hukutana nje ya picha. Chora kwenye kila mmoja mstari wa kuukata kwa nyuzi 90, kisha weka kipimapembe pale hiyo miwili inapokatana. Jibu ni lilelile. Kompyuta hukufanyia hesabu hiyo, lakini haikuchagulii pingili.

Unapata nyuzi 23.

Hatua ya 4: Toa daraja. Chini ya nyuzi 10 haiitwi skoliosi. Kati ya 10 na 25 ni ndogo, hufuatiliwa. Kuanzia 25 hadi 40 au 45, mtoto anayekua huzungumziwa kuvaa bresi, vazi gumu la kushikilia mgongo. Kupita 45 au 50, daktari wa upasuaji huanza kufikiria operesheni.

Hatua ya 5: Pima upya picha ya zamani. Kutoka 17 hadi 23 ni nyuzi 6, na wengi wangeandika kwamba pinda limeongezeka. Fungua picha ya kwanza kwanza. Aliyeipima aliishia T11. Ukingo wa juu wa T6 ulikuwa umelala nyuzi 11, na wa chini wa T11 nyuzi 6 kuelekea upande wa pili, ndiyo 17 yake. Ukingo wa T12 ulikuwa umelala nyuzi 9. Kumbe siku ile pembe ilikuwa 20, na tofauti ya kweli ni 3.

Nyuzi 3 haziniambii kitu. Hata mpimaji mmoja akirudia picha ileile anaweza kutofautiana na nafsi yake kwa nyuzi 3 hadi 5, na jioni mgongo hupinda zaidi kidogo kuliko asubuhi. Ndiyo maana ongezeko huhesabiwa likizidi 5.

Ila usiishie kulinganisha na picha ya jana tu. Miezi sita mingine ikipita, binti anasoma 26. Kutoka 23 ni 3 tena, "hakuna badiliko". Kutoka 20 ni 6, na amevuka 25. Pinda linalotambaa polepole hupita hivihivi, kila ripoti ikilisamehe. Tazama pia ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga: kama utando wa mfupa mpya haujaanza kuonekana, yaani Risser 0, bado ana ukuaji mwingi mbele na hatari ni kubwa. Huyu anapelekwa kwa daktari wa mifupa sasa, asisubiri miezi sita mingine.

Ripoti yako iseme hivi: "Pinda la kifua, kulia, T6 hadi T12, nyuzi 26, amesimama, Risser 0. Picha zote tatu zimepimwa kwa pingili hizohizo: 20, 23, 26."